Mwenye duka hakujui, simu unaianzaje asikate?

Hivi kwa nini ukimpigia mwenye duka ambaye hajawahi hata kuisikia kampuni yenu anakata kabla hujamaliza sentensi ya pili, na unaanzaje ili akusikilize?

Anakata kwa sababu namba ngeni ikiita, yeye anawaza vitu viwili tu: huyu mteja au huyu tapeli? Bongo hapa kila mtu ameshapokea ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", na kila mtu ameshapigiwa na mtu anayejifanya huduma kwa wateja. Sasa we unapiga, unaanza "haloo, naongea na nani?". Umekwisha. Matapeli ndo wanaanza hivyo hivyo, we umepiga alafu unamuuliza yeye ni nani!

Mi nauza huduma ya kupeleka mizigo kwa kirikuu, wateja wangu wengi ni wenye maduka ya hadwea, kwa hiyo nichukue simu moja ya hivyo. Tuseme nampigia mama mmoja mwenye duka Mbagala, namba yake nimeiona kwenye bango la duka. Naanza hivi:

"Shikamoo mama. Naitwa fulani, napiga kutoka kampuni ya kusafirisha mizigo, tuko Tabata. Hatujawahi kuongea, namba yako nimeitoa kwenye bango la duka lako. Juzi nimepita hapo nikaona mteja anahangaika kupakia saruji kwenye bodaboda, ndo maana nimepiga. Nipe dakika moja nikueleze, ukiona haikufai niambie tu."

Hapo hata nusu dakika haiishi. Salamu iwe moja, msubiri aitikie marahaba, basi, maana ukianza za nyumbani, watoto hawajambo, biashara inaendaje, mtu anajua kuna kitu unataka na anaanza kujikunyata. Kama sauti ni ya kijana mwenzako, "habari za kazi" inatosha, usimpe shikamoo ukamzeesha bure. Halafu unataja sehemu mlipo, kwa sababu tapeli hana ofisi Tabata ambayo mtu anaweza kupanda daladala akaenda kuichungulia.

Ile "hatujawahi kuongea" wengi wanaiogopa, wanaona bora wajifanye wanafahamiana, "bosi wangu, umenisahau eeh?". Mtu anakuchangamkia sekunde kumi akijaribu kukumbuka, akigundua umemzuga hata kama una dili zuri hakusikii tena. Na chanzo cha namba kitaje mwenyewe kabla hajauliza. Akikuuliza "namba yangu umeipata wapi?" ujue hicho kipande umekiruka, na kuanzia hapo unajitetea tu, huuzi.

Kwenye sababu ya kupiga ndo watu wengi wanafeli. Wanasema "sisi ni kampuni inayotoa huduma bora za usafirishaji", ambayo unaweza kumpigia muuza nguo, muuza samaki, yeyote yule. Ile saruji kwenye bodaboda ni ya kwake peke yake, anajua kweli ulipita. Ila usiitunge! Kama hujapita usiseme umepita, akikuuliza "siku gani hiyo, mbona Jumapili tulifunga?" utajificha wapi. Kama hujafika dukani sema unachokijua kweli, mfano umeona kwenye bango wameandika wanauza saruji na mabati.

Akisema "haya sema", usianze kumwaga bei. Muulize swali ambalo jibu lake analo mkononi: "Mteja akichukua mifuko kumi ya saruji, hiyo ni kilo 500, usafiri anajitafutia au mnamtafutia nyie?" Kisha nyamaza. Kimya kinauma, najua, ila yeye anaweza kuwa anafikiria au anamrudishia mtu chenji. Akijibu "wanajitafutia, wengine wanaenda kutafuta gari hawarudi", shida kaisema mwenyewe, na hapo unaomba kitu kidogo tu, upite dukani kesho saa nne, kwa dakika kumi hivi. Usijaribu kumalizia biashara kwenye simu hiyo hiyo, hakujui huyo.

Namna ya kujua umekosea wapi ni kuangalia anakukatia muda gani. Akikata kabla hujafika kwenye sababu, tatizo ni salamu na kujitambulisha. Akisikia sababu akakwambia "nitumie wasap", mara nyingi sababu yako haimgusi. Na akisema "nina wateja hapa", we mwamini, muulize saa ngapi ametulia halafu piga saa hiyo hiyo aliyotaja. Simu ya pili unaanza na "uliniambia nipige saa tisa", na safari hii namba yako siyo ngeni tena.