Kamisheni ifuate chupa iliyomfikia mteja: dhana potofu kuhusu mawakala wa bidhaa za ngozi

Mwenye chapa ndogo ya losheni na seramu huanza kutafuta mawakala siku anapochoka kuuza peke yake. Hupanga kamisheni usiku mmoja, kwa kutazama wenzake wanalipa kiasi gani. Miezi michache baadaye mzigo umejaa majumbani kwa mawakala, kila mmoja anauza kwa bei yake, na akaunti ya chapa haina kitu. Nimepitia hesabu za namna hii mara kadhaa, na makosa yanafanana sana. Nitayaeleza kwa chupa moja ya losheni ambayo mteja huinunua kwa 100. Weka sarafu uitakayo, hesabu ni ileile.

Dhana: Ukimwambia wakala "faida yako ni asilimia 30", mmeelewana

Ukweli ni kwamba mnaweza kuwa mnazungumzia vitu viwili. Wewe unamaanisha asilimia 30 ya bei ya mteja, kwa hiyo unampa chupa kwa 70 ili aiuze kwa 100. Yeye anachukua ile 70 aliyotoa, anaiongezea asilimia 30, na anapata 91. Anauza kwa 91 kwa nia njema kabisa. Wiki ya pili wakala mwingine anakupigia akilalamika kwamba kuna mtu anaharibu bei.

Sasa huyo mwenye nia njema anabaki na 21 kwa kila chupa badala ya 30, na baada ya nauli na vocha za simu haoni tena sababu ya kuendelea. Dawa yake ni ndogo: usiandike asilimia peke yake. Andika "unachukua kwa 70, bei inayopendekezwa kwa mteja ni 100, kinachobaki kwako ni 30". Nasema inayopendekezwa kwa makusudi. Mtu akishainunua chupa ni mali yake, na nchi nyingi zina sheria zinazokataza mwenye chapa kumlazimisha bei ya kuuzia.

Dhana: Kamisheni kubwa ndiyo inayovuta mawakala wazuri

Inavuta mawakala, hilo sikatai. Swali ni nani anailipa. Turudi kwenye ile 100. Losheni yenyewe pamoja na chupa, mfuniko, lebo na boksi ni 22. Usafirishaji 6. Sampuli na chupa za kujaribia 4. Zinazorudishwa au kuharibika 3. Makato ya malipo 2. Mishahara, ofisi na matangazo, vikigawanywa kwa kila chupa, 20. Jumla ni 57, na kodi sijaigusa. Zinabaki 43 za kugawana kati ya wakala, kiongozi wa timu na chapa.

Ukitangaza 40 kwa wakala, unabakiwa na 3. Ukiongeza 5 za kiongozi wa timu, unatoa 2 mfukoni kwa kila chupa inayouzwa, na kadiri mawakala wanavyofanya kazi nzuri ndivyo unavyozama haraka. Ukimpa wakala 30 na kiongozi 4, unabakiwa na 9, ambayo ni ya kulipia mzigo unaofuata. Chapa iliyotangaza 40 kwa kawaida haifungi duka. Hufanya jambo baya zaidi: inapunguza kamisheni katikati ya mwaka, na mawakala waliojenga wateja kwa ahadi ya 40 wanaona wamedanganywa. Kwangu mimi, 30 inayolipwa kila Ijumaa bila kukosa ni ya haki kuliko 40 isiyojulikana itadumu hadi lini.

Dhana: Akivuka ngazi, mlipe kiwango kipya kwa chupa zote, ndipo atajituma

Hapa ndipo penye uharibifu mkubwa, na ndipo wachache wanapofanya hesabu. Tuseme badala ya kuchukua chupa kwa 70, wakala analipia 100 nzima na kamisheni anarudishiwa baadaye, kwa ngazi tatu kwa mwezi: chupa 20 za kwanza ni asilimia 25, kuanzia ya 21 hadi ya 60 ni asilimia 30, na kuendelea ni asilimia 33. Mpangaji anaamua kwamba mtu akigusa ngazi mpya, kiwango hicho kinarudi nyuma hadi chupa ya kwanza.

Mtazame wakala mwenye chupa 20 tarehe ya mwisho wa mwezi. Kamisheni yake ni 500. Akifikisha 21, kamisheni inakuwa 630. Chupa moja imemletea 130, na chupa hiyo inauzwa 100! Atainunua mwenyewe. Atailipia 100, atapata 130, na chupa atabaki nayo kabatini. Hata aliye kwenye 18 ana sababu ya kufikiria: akinunua tatu kwa 300, kamisheni yake inapanda kutoka 450 hadi 630, kwa hiyo chupa tatu zimemgharimu 120 tu. Hakuna mtu mwovu hapa. Mpango wenyewe ndio unaomlipa mtu ili anunue asichohitaji.

Chapa inaona mauzo yamepanda na inafurahi. Lakini chupa hizo hazijafika kwenye ngozi ya mtu yeyote. Baada ya miezi miwili au mitatu zinauzwa kwa bei ya kutupa, zikishindana na mzigo mpya wa chapa ileile.

Utajuaje kama ugonjwa huu umeingia? Panga oda kwa tarehe. Zikirundikana siku tatu za mwisho wa mwezi na wiki ya kwanza ikawa kimya, watu wanakimbizana na ngazi. Tazama pia idadi: ukiona mawakala wengi wameishia kwenye 21 au 22 na karibu hakuna aliyeishia kwenye 18 au 19, mauzo hayo yametengenezwa.

Tiba ni kulipa kila kipande kwa kiwango chake. Wa chupa 21 anapata 500 za zile 20 za mwanzo, na 30 ya chupa moja iliyozidi. Hakuna mruko, kwa hiyo hakuna cha kukimbilia usiku wa mwisho. Aliyeuza 40 anapata 500 na 600, jumla 1,100, ambayo ni wastani wa asilimia 27.5. Aliyeuza 80 anapata 500, 1,200 na 660, jumla 2,360, yaani asilimia 29.5. Linganisha na ile hesabu ya 43: hata muuzaji wako mkubwa huyu bado yuko chini ya 30 uliyokwisha kuitengea nafasi. Ngazi inaendelea kumpa mtu hamu ya kupanda, ila sasa inamlipa kwa mteja wa 21 badala ya kabati la 21.

Dhana: Anayeleta wakala mpya alipwe papo hapo, maana amekuza mtandao

Kuleta mtu si kuuza. Sekta ya vipodozi ina mfano wake wa kihistoria katika jambo hili. Kampuni ya Koscot ya Marekani iliuza vipodozi kupitia wasambazaji waliotoa maelfu ya dola ili kuingia kwenye ngazi za juu, na waliowaleta wengine walipata fungu katika pesa hizo za kuingilia. Mwaka 1975 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo iliamua kwamba huo ni upatu wa piramidi, si ule wa kuchangiana kwa zamu. Kipimo ilichokiweka bado kinatumika: mtu analipia haki ya kuuza, kisha analipia pia haki ya kupata zawadi kwa kuleta watu wengine, zawadi isiyohusiana na bidhaa kumfikia mtumiaji wa mwisho.

Ukitaka kumzawadia kiongozi wa timu, mpe ile 4 kwa kila chupa ambayo wakala aliyemfundisha ameiuza kwa mteja. Ngazi moja tu chini yake, zisizidi. Wakala mpya asipouza, kiongozi hapati kitu, na hapo ataacha kukuletea majina ya shangazi na majirani wasiotaka biashara. Atamleta msusi, mtaalamu wa urembo au muuza vipodozi ambaye tayari ana watu wanaomuuliza kuhusu ngozi zao. Ndio unaowataka.

Dhana: Mwenye nia ya kweli huanza na katoni nzima

Losheni si ndoo ya plastiki ikae dukani miaka. Ina tarehe ya mwisho, na ile alama ya kopo lililo wazi yenye maandishi kama 12M inahesabu miezi tangu kufunguliwa. Seramu ya vitamini C huathiriwa na joto, mwanga na hewa, na ikigeuka rangi ya kahawia imepoteza sehemu ya nguvu yake. Wakala mpya aliyebebeshwa chupa 100 huku akiwa na wateja wanane ataziweka chini ya kitanda, na mteja wa tisa atauziwa kitu kilichochoka chenye jina lako juu yake.

Anza naye na chupa 10 au 12. Asiongezewe mzigo mpaka sehemu kubwa ya wa mwanzo iuzike. Mwaka 1979 tume ileile ilipoamua kwamba Amway si upatu, kanuni tatu za kampuni hiyo zilizingatiwa: wasambazaji wauze angalau asilimia 70 ya walichonunua mwezi huo, wawe na wateja kumi wa rejareja kwa mwezi, na bidhaa zisizouzika zirudishwe na kulipwa. Si lazima unakili tarakimu hizo, lakini mantiki yake inaendana vizuri na bidhaa zenye tarehe ya mwisho.

Kuhusu kurudisha, masharti ya vyama vya mauzo ya moja kwa moja huitaka kampuni irudishe angalau asilimia 90 ya bei aliyolipa wakala anayeondoka, kwa bidhaa zilizonunuliwa ndani ya miezi 12 na ambazo bado zinauzika. Kwa losheni, fafanua "bado inauzika" mapema: kizibo hakijafunguliwa, boksi halijaharibika, na imebaki miezi sita au zaidi kabla ya tarehe ya mwisho. Kamisheni iliyolipwa kwa chupa iliyorudi inakatwa kwenye malipo yanayofuata, na wakala alijue hilo siku anayoanza, asilisikie mara ya kwanza siku ya kukatwa.

Dhana: Oda ya kwanza inaonyesha nani ni wakala mzuri

Oda ya kwanza huonyesha nani ana ndugu wengi. Chupa ndogo ya losheni ya uso ikitumika asubuhi na jioni huisha kwa takriban mwezi na nusu hadi miwili, kwa hiyo subiri wiki kumi hivi, kisha uliza ni wateja wangapi wamerudi kununua ya pili. Kwa hili wakala anahitaji daftari lenye jina la mteja, tarehe na bidhaa, si zaidi. Nikiwa na wakala aliyeuza chupa 15 na wateja tisa wamerudi, na mwingine aliyeuza 50 na wawili tu wamerudi, wa kwanza ndiye nitakayempa wakala mpya amfundishe.