Dakika tatu mbele ya wakurugenzi: dhana potofu na ukweli

Kwa miaka kadhaa nilisimamia ubora wa maziwa kwenye kiwanda kimoja cha kusindika. Mara ya kwanza kupewa dakika tatu kwenye kikao cha wakurugenzi nieleze wazo la mradi wa tangi la kupozea maziwa kwa barafu, nilijiandaa wiki nzima, nikaeleza vizuri, nikamaliza kwa maneno tuliyozoea wote: "Naomba kuwasilisha." Wakanishukuru. Muhtasari wa kikao ulipotoka nilikuta mstari mmoja: "Wajumbe walipokea taarifa." Miezi minne ikapita bila lolote kufanyika, na maziwa yakaendelea kumwagwa.

Dhana: Kuwaambia wakubwa waamue nini ni utovu wa adabu

Hii ndiyo inayoua mawazo mengi kwetu. Tumelelewa kwamba mdogo analeta habari, mkubwa anatafakari. Kwa hiyo mtu anamaliza kwa "naomba mwongozo wenu" au "naomba kuwasilisha", akiamini ameonyesha heshima.

Ukweli ni kwamba umewaachia kazi yako. Wakurugenzi wana ajenda kumi na kitu siku hiyo. Usipotaja unachoomba, inabidi wao ndio watunge hoja, kiasi, fungu na tarehe. Hawatafanya hivyo. Watapokea taarifa, basi. Ombi kamili lina vitu vinne: kitendo (kuidhinisha, kuteua, kuruhusu majaribio), kiasi cha fedha na fungu lake, tarehe, na jina la cheo kitakachowajibika. Heshima iko kwenye namna ya kusema. "Ninaomba kikao kiidhinishe" ni kauli ya adabu, na katibu anaweza kuiandika kama ilivyo.

Mimi sasa huandika sentensi ya ombi kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Kisha kila sentensi nyingine naiuliza: inasaidia ombi hili kukubaliwa? Isiposaidia, inatoka.

Dhana: Dakika tatu ni wasilisho la nusu saa lililosemwa haraka

Jipime kwa saa ya simu. Kwa Kiswahili cha utulivu, wengi wetu tunasema maneno mia moja na kidogo kwa dakika, hivyo dakika tatu ni kama maneno mia tatu, chini ya ukurasa mmoja. Slaidi kumi na mbili haziingii humo. Panga maneno ya dakika mbili na nusu, kwa sababu mwenyekiti atakukatiza walau mara moja.

Dhana: Anza na historia au na teknolojia

Mara ile ya kwanza nilianza na tangi. Nilieleza linavyotengeneza barafu mchana umeme ukiwepo, na barafu hiyo inavyopoza maziwa usiku umeme ukikatika. Mambo ya kweli na mazuri, lakini dakika moja ilikwisha kabla mtu yeyote pale hajajua kwamba kuna hasara.

Tatizo ndilo linalotangulia, tena kwa kipimo ambacho wakurugenzi wenyewe wanakitumia. "Maziwa yanachacha" ni habari ya fundi. Tuchukue mfano wenye hesabu nyepesi. Kituo kimoja cha kukusanyia kinapokea maziwa jioni, yanapimwa na kukubaliwa, na mfugaji anaandikiwa lita zake. Usiku umeme unakatika. Maziwa yanayotakiwa kukaa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi yanapanda joto. Asubuhi yanafika kiwandani, yanawekwa kwenye kipimo cha alkoholi, yanafanya mabonge, yanakataliwa. Mfugaji lazima alipwe, maana alileta maziwa mazima. Hiyo inatokea mara nne kwa mwezi, lita 2,000 kila mara, kwa shilingi 1,000 kwa lita. Ni shilingi milioni 8 kila mwezi zinazolipwa kwa maziwa yanayomwagwa. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ya kufungulia.

Dhana: Taja faida kubwa kabisa, gharama isubiri waulize

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo mkurugenzi wa fedha anapoamua kama wewe ni mtu wa kuaminiwa.

Ukisema mradi utaokoa milioni 8 zote, umekosea. Tangi la barafu halisaidii siku ambayo umeme haukuwepo tangu mchana, kwa sababu barafu yenyewe haikutengenezwa. Pia linahitaji umeme kidogo wa kuendesha pampu. Tukikadiria kwamba litaokoa matukio matatu kati ya manne, faida ni milioni 6 kwa mwezi. Toa shilingi 500,000 za matunzo na uendeshaji, inabaki milioni 5.5.

Gharama nayo itajwe yote kwa mkupuo: tangi, usafiri, ufungaji, mafunzo ya mhudumu wa kituo. Tuseme jumla ni milioni 66. Gawanya kwa 5.5 upate miezi 12. Mtu akisikia namba hizo mbili zikifuatana, faida na gharama, anazigawanya mwenyewe kichwani kabla hujamaliza. Akizisikia mbalimbali, au akilazimika kuichimba gharama kwa maswali, anaanza kujiuliza umeficha nini kingine. Na gharama ikigunduliwa baadaye kuwa haikuhusisha ufungaji, mradi wako ujao hautasikilizwa.

Kaulimbiu kama "tutaokoa fedha nyingi" ziache. Taja na kadirio ulilotumia, kama lile la matukio matatu kati ya manne, ili anayepinga apinge namba hiyo badala ya kupinga mradi mzima.

Ikikusanywa, inasikika hivi:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, wakurugenzi. Kila mwezi tunawalipa wafugaji shilingi milioni 8 kwa maziwa tunayoyamwaga. Yanaharibika usiku kwenye kituo kimoja, umeme unapokatika. Tangi la kupozea kwa barafu litazuia matukio matatu kati ya manne. Tukitoa gharama za uendeshaji, tunaokoa milioni 5.5 kwa mwezi. Gharama yake yote, mpaka linafanya kazi, ni milioni 66, nazo zinarudi ndani ya miezi 12. Halitasaidia siku umeme usipokuwepo mchana kutwa. Siku hizo hasara itabaki. Ninaomba kikao hiki kiidhinishe leo milioni 66 kutoka fungu la vifaa, Meneja Uzalishaji aagize kabla ya mwisho wa mwezi, ili tangi lifungwe kabla ya masika, maziwa yanapoongezeka."

Hayo ukiyasoma kwa utulivu hayafiki dakika mbili. Muda unaobaki ni wa kituo chenyewe: eleza asubuhi moja tu, lori limefika, kipimo kimeshindwa, mfereji umegeuka mweupe. Mahali pake ni baada ya sentensi ya milioni 8.

Dhana: Maswali mengi maana yake umeshindwa

Sikiliza aina ya swali. "Hili tangi ni nini hasa?" linaonyesha hukueleweka. "Kwa nini kituo kimoja na si vitatu?" au "Muuzaji anadhamini kwa muda gani?" ni la mtu ambaye kichwani tayari ameshalifunga tangi na sasa anaangalia wapi patavuja.

Wakikataa, uliza papo hapo kwa upole ni kipi kati ya vinne kilichokwama: tatizo, faida, gharama, au wakati. Niliporudi mara ya pili kwenye kikao kile, kilichokwama kilikuwa hicho cha mwisho, wakati. Bajeti ya mwaka ilikuwa imefungwa. Nikaomba badala yake waidhinishe nukuu za bei kutoka kwa wauzaji watatu, tarehe ya kuzileta iwe kikao cha kwanza cha mwaka mpya wa fedha. Safari hiyo muhtasari uliandika: "Kikao kiliidhinisha."