Tisa Zimeenea, Lakini Nani Atazisoma?

Muhula huu nimelisikia neno "zimeenea" mara nne, na mara ya nne ndiyo iliyonikalisha kuandika. Mchana mwingi niko ofisini Upper Hill, Nairobi, nachora majengo ya watu. Siku mbili kwa wiki nafundisha studio ya usanifu majengo. Jioni moja kabla ya kritiki, kikao ambacho wanafunzi hubandika michoro kwenye ubao laini wa softibodi na majaji huihoji, mwanafunzi wa mwaka wa tatu alinijia simu mkononi. "Mwalimu, tumeambiwa kila mtu ana nusu softibodi tu. Lakini usijali, zile karatasi zangu tisa za A1 nimezipunguza zote kuwa A3. Zimeenea."

Nikaitazama picha aliyopiga. Ni kweli, zilienea. Mabango ya waganga kwenye nguzo za stima hupangwa vizuri zaidi, na hayo angalau namba ya simu unaisoma ukiwa ndani ya matatu.

Dhana: Nafasi ikipungua, punguza kila kitu kiingie

Ukweli: nafasi ikipungua, idadi ya michoro ndiyo ipungue, si ukubwa wake.

Najua dhana hii inatoka wapi, maana hesabu yake inakubali. Shiti ya softibodi ni futi 8 kwa 4, milimita 2440 kwa 1220. Nusu yake ni mraba wa 1220 kwa 1220. A3 nne zikisimama wima kando kwa kando zinachukua 1188, safu mbili zinachukua 840 kwenda juu, na kwenye milimita 380 zinazobaki unalaza ya tisa. Hata ya kumi ina pa kukaa. Mwanafunzi akishaona hivyo anaenda kulala.

Sasa tuangalie kilichotokea kwenye karatasi zenyewe. Mradi wake ulikuwa maktaba ya mtaa inayokaa pamoja na karakana za mafundi wa jua kali, Kamukunji. Jengo lina urefu wa mita 36. Mkato wake, ule mchoro unaoonyesha jengo kana kwamba limepasuliwa wima, ulikuwa kwenye A1 kwa skeli ya 1:100, kwa hiyo ulikuwa na milimita 360. Kutoka A1 kwenda A3 kila urefu unakatwa nusu, basi mkato umebaki na milimita 180, upana wa mkono uliokunjuliwa. Chini yake bado pameandikwa 1:100. Jaji angetoa rula ya skeli mfukoni, angepima mlango wa maktaba: milimita nne na nusu. Kwa 1:100 hiyo ni sentimita 45. "Hapa anapita nani?" angeuliza, na dakika tatu za kritiki zingeishia kwenye mlango ambao kwa kweli una sentimita 90 na hauna kasoro yoyote.

Maandishi nayo. Alikuwa ameandika kwa pointi 14, zikawa 7. Herufi kubwa ya pointi 7 ina kimo kisichofika milimita 2. Majaji husimama kama mita mbili kutoka ukutani, na kwa umbali huo jicho lenye afya kamili linahitaji karibu milimita 3 ili litambue herufi, hapo ukiwa unakodoa. Ukitaka mtu asome bila kukunja uso, mpe mara mbili ya hiyo, na ndipo unapofika kwenye pointi 24. Mistari nayo ikakatwa nusu: ukuta uliokatwa wa milimita 0.5 ukawa 0.25, mstari mwembamba wa 0.13 ukawa chini ya 0.07 na kupotea kabisa. Ile michirizi ya matofali ikashikana ikawa doa jeusi. Kwa hiyo kwenye mkato ule kitu cheusi kuliko vyote, kilicholivuta jicho kwanza, kilikuwa ukuta wa choo.

Na huo mkato ndio uliobeba wazo lote! Swali la mradi ule ni moja tu: mtu atasomaje kitabu huku fundi anagonga sufuria mita chache kutoka alipo? Jibu alikuwa nalo, na zuri. Karakana ziko chini, upande wa barabara. Katikati kuna mkanda wa stoo na ngazi wenye kuta nzito. Maktaba iko juu, nyuma ya mkanda huo, na madirisha yake yameipa karakana kisogo. Ukiuona mkato unaelewa kabla hajafungua mdomo. Lakini ulikuwa karatasi ya sita kati ya tisa, safu ya chini, usawa wa mkanda wa suruali ya jaji.

Tulipanga upya usiku ule, na hivi ndivyo nusu softibodi ilivyokaa. Tulichukua A1 mbili tu, zimelala, moja juu ya nyingine: milimita 594 mara mbili ni 1188, zinaingia kwenye 1220 na kubakiza vidole viwili. Mkato tuliurudisha kwenye kompyuta tukautoa kwa 1:50, ukawa na milimita 720. Tuliuweka sehemu ya chini ya karatasi ya juu. Softibodi ile inaanzia sentimita 80 kutoka sakafuni, hivyo mkato ulianzia kama mita 1.4 kwenda juu, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Moja kwa moja chini yake, kwenye karatasi ya pili, tukaweka plani ya sakafu ya chini, nayo kwa 1:50: upana wa jengo ni mita 24, kwa hiyo plani ilichukua 720 kwa 480. Ukuta wa stoo kwenye mkato ukashuka wima mpaka ukuta huohuo kwenye plani. Jaji hahitaji kuulizia kipi ni kipi. Jicho linashuka lenyewe. Wanaochora kwa skeli mbili tofauti hujinyima msaada huu wa bure.

Kando kulibaki milimita 379. A3 ina upana wa 297, kwa hiyo mbili zilisimama pale, moja juu ya nyingine: ya juu na plani ya eneo kwa 1:500, ya chini na sakafu ya maktaba kwa 1:200. Aliniomba sakafu ya maktaba iwe 1:100, lakini milimita 360 haziingii kwenye 297, na njia pekee ilikuwa kuigeuza plani robo mzunguko. Nilikataa. Plani zote zielekeze kaskazini upande mmoja, la sivyo jaji anapotea ngazini.

Kilichotupwa? Karatasi mbili nzima za uchambuzi wa eneo, zenye ule mshale wa jua kutoka mashariki kwenda magharibi ambao hata mtoto wa chekechea anaujua. Kwa Nairobi, kitu cha kuonyesha ni kwamba jua la mchana liko kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, kwa sababu tuko karibu kabisa na ikweta, na pande zote mbili zinahitaji kivuli. Hilo linaingia kwenye mkato wenyewe kwa mistari miwili. Mionekano minne ya nje ikawa mmoja, ule wa barabarani, ukakaa juu ya mkato. Vilivyobaki vilichapwa A3 vikashonwa kuwa kijitabu, kikawekwa mezani mbele ya majaji.

Na hapa ndipo kupunguza kunaporuhusiwa. Kijitabu kinashikwa mkononi, karibu na uso, kwa hiyo pointi 7 inasomeka. Na kwa kuwa A3 ni nusu kamili ya urefu wa A1, 1:100 inageuka 1:200, skeli halali iliyoko kwenye kila rula, mradi ubadilishe maandishi yake. Ukipunguza A1 kuwa A2 unapata 1:141. Hakuna rula ya namna hiyo duniani.

Dhana: Bodi zikiwa chache wataona sikufanya kazi

Hii ndiyo hofu inayoizaa ile ya kwanza. Majaji wana dakika kumi na tano kwako, na kama kuna wanafunzi ishirini wewe huenda ni wa kumi na saba na hawajala. Hawahesabu karatasi. Wanaotaka kujua jasho lilikwenda wapi watafungua kijitabu, au watashika modeli. Ukibandika tisa, watasimama mbele ya ile iliyowavutia wao, si uliyoitaka wewe, na nimeshaona kritiki nzima ikiishia kwenye mchoro wa maegesho.

Dhana: Picha ya 3D ijaze bodi nzima, ndiyo inayouza

Mteja, labda. Jaji ataitazama sekunde tano, atasema anga ni la buluu mno, kisha atatafuta plani. Picha moja yenye upana wa sentimita 30 inatosha, na ipigwe kutoka mahali unapoweza kupaonyesha kwenye plani kwa kidole. Mandhari nyeusi nyuma ya michoro pia iacheni. Inakula wino, inafuta mistari myembamba, na karatasi ikilowa wino hivyo inajikunja kwenye pini.

Dhana: Kwenye skrini inasomeka, basi ukutani itasomeka

Kwenye skrini unakuza bila kujijua. Kidole kiko kwenye gurudumu la mausi muda wote, hata ukiapa hukuligusa. Jaribu hivi, nawaambia kila muhula na wanaofanya hawafiki watatu: chapa bodi yako ya A1 kwenye A4, kwa shilingi chache za saiba, ibandike ukutani, simama sentimita 70 kutoka hapo, urefu wa mkono wako. A4 ni asilimia 35 ya urefu wa A1, na sentimita 70 ni asilimia 35 ya mita mbili. Unachokiona pale ndicho jaji atakachokiona. Usiposoma kichwa cha mchoro, naye hatasoma. Ukiona doa jeusi lisilo na jina, ndilo litakalozungumziwa.

Dhana: Nikishapeleka PDF kwa mchapaji, kazi imekwisha

River Road asubuhi ya kritiki ina foleni, na mchapaji mwenye foleni hubonyeza `Fit` ili karatasi isimkatikie pembeni. Hapo bodi yako inapungua asilimia chache, zisizoonekana kwa macho, na skeli yote imekwenda. Mwombe `Actual size`, na usiondoke dirishani. Kila bodi iwe na mstari wa skeli uliochorwa, si maandishi peke yake, nawe uwe na rula ya kawaida mfukoni. Kwa 1:50, mita tano ni milimita 100 kamili. Ukipima ukapata 96, mrudishie karatasi kabla hujatoa pesa.