Barua ya ufadhili imefika: dhana potofu kuhusu masharti, tarehe na vielelezo

Aya ya kwanza ya barua ya ufadhili ni ya pongezi, na furaha ya aya hiyo huwafanya wengi wapitishe macho tu kwenye zinazofuata. Bahati mbaya, yanayokuhusu hasa yako huko chini. Tuchukue barua ya mfano. Imeandikwa Jumatatu, tarehe 3 Juni, kwa mwombaji anayemaliza shahada ya kwanza. Inampa ufadhili wa shahada ya uzamili kwa sharti kwamba akubali kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua, athibitishe kuwa amehitimu kwa daraja la pili la juu au zaidi, na awasilishe nakala zilizothibitishwa za vyeti vyake kabla ya tarehe 15 Julai kwisha.

Dhana: Barua ikishafika, ufadhili ni wangu.

Maneno ya kutafuta ni “kwa sharti kwamba”. Yakiwemo, ulichonacho ni ahadi inayosubiri utimize upande wako. Mwombaji wetu akipata daraja la pili la chini, mfadhili ana haki ya kuiondoa ahadi, hata kama fomu ya kukubali ilirudishwa mapema. Wafadhili wengi pia huwa na orodha ya akiba, kwa hiyo anayekaa kimya humwachia nafasi mtu wa pili. Usiache kazi wala kulipia tiketi hadi upate barua nyingine, ile inayosema masharti yote yametimizwa. Wanaoharakisha hapa ndio hujikuta hawana kazi wala chuo.

Dhana: Siku 14 zinaanza siku niliyoisoma barua.

Soma zinahesabiwa tangu lini. Barua yetu inasema “tangu tarehe ya barua”, kwa hiyo mwisho ni Jumatatu, tarehe 17 Juni. Mwombaji aliyefungua barua pepe yake tarehe 8 amebakiwa na siku 9, si 14. Kama ingeandikwa “siku 14 za kazi”, Jumamosi na Jumapili zisingehesabiwa na mwisho ungesogea hadi Ijumaa, tarehe 21 Juni, mradi katikati hakuna sikukuu. Tofauti ya neno “kazi” peke yake ni siku nne.

Halafu kuna saa. Mfumo wa maombi ukionyesha `17 June, 11:59 PM UTC`, hiyo ni saa tano na dakika 59 usiku kwa saa za dunia. Zigeuze kwanza kuwa saa za mahali ulipo. Mtego mkubwa zaidi ni `12:00 AM`. Hiyo ni saa sita usiku siku hiyo inapoanza. Ukiona `17 June, 12:00 AM`, siku yako ya mwisho ya kufanya kazi ni tarehe 16, kwa sababu tarehe 17 ikiingia tu mlango umefungwa. Na kama vielelezo vinapelekwa kwa posta, angalia kama barua inataka viwe “vimetumwa” au “vimepokelewa” kufikia tarehe hiyo. Mara nyingi ni vimepokelewa, na muhuri wa posta hautakusaidia.

Dhana: Nakala yoyote inayosomeka inatosha.

Hapa ndipo maombi mengi mazuri hukwama, nami ningependa mwombaji wa mara ya kwanza atulie hapa kuliko kwingine kote. Nakala iliyothibitishwa ni ile ambayo mtu mwenye mamlaka, kwa mfano wakili au ofisa aliyetajwa na mfadhili, ameilinganisha na cheti halisi kisha akaandika kwamba ni nakala ya kweli ya waraka huo. Anapaswa kuweka jina, cheo, sahihi, tarehe na muhuri. Ukikosekana utambulisho au tarehe, inaweza kurudishwa. Jambo lisilojulikana na wengi ni hili: ukiitoa fotokopi nakala iliyothibitishwa, ile fotokopi mpya haina uthibitisho wowote. Muhuri ulio juu yake ni picha ya muhuri. Thibitisha nakala kadhaa siku hiyo hiyo, maana ubalozi au chuo nao wanaweza kuzidai. Ikiwa barua inaruhusu kupakia mtandaoni, skani ile yenye muhuri wenyewe, kwa rangi, kurasa zote, hata upande wa nyuma wenye maandishi.

Transkripti ina utaratibu wake. Barua ikidai “itumwe moja kwa moja na chuo”, ya kwako iliyofunguliwa bahasha haikubaliki, hata kama ni halisi. Chuo kitaituma kikishapata ombi lako, na huenda kikataka kwanza uwe umemaliza madeni ya ada au ya maktaba. Vilevile, karatasi ya matokeo ya muda haichukui nafasi ya cheti cha mwisho, isipokuwa barua iseme hivyo.

Kisha majina. Cheti cha sekondari kina majina mawili, pasipoti ina matatu, cheti cha chuo kimeyapanga kinyume. Wewe unajua ni mtu mmoja. Anayekagua faili hajui. Kinachotakiwa kwa kawaida ni hati ya kiapo inayosema majina hayo yote ni ya mtu huyo huyo, nayo iambatane na vyeti vyenyewe. Cheti kilicho katika lugha nyingine kipelekwe pamoja na tafsiri ya mtafsiri anayetambuliwa. Tafsiri bila waraka wake wa asili haithibitishi kitu.

Kwa hiyo usianze na kilicho karibu nawe. Anza na waraka ulio mikononi mwa watu wengine: transkripti, pasipoti, barua ya mwajiri. Vyeti vilivyomo kabatini vitathibitishwa kwa siku moja.

Dhana: Cheti kikichelewa, nitaeleza baadaye.

Omba muda kabla ya tarehe ya mwisho, kwa maandishi, ukiambatanisha ushahidi. Mwombaji wetu anajua mapema kwamba chuo chake kitatoa vyeti tarehe 30 Julai, baada ya tarehe ya mfadhili. Aombe ofisi ya msajili barua inayotaja tarehe hiyo na daraja lake, kisha aandike:

“Rejea ufadhili namba (ya kwenye barua yangu). Nimewasilisha vielelezo vyote isipokuwa cheti cha shahada. Chuo kitakitoa tarehe 30 Julai, kama barua ya msajili niliyoambatanisha inavyoonyesha. Naomba kukiwasilisha kabla ya tarehe 9 Agosti.”

Ombi la namna hii lina tarehe na sababu inayoweza kuhakikiwa. Mfadhili anaweza bado kukataa. Akikubali, tunza jibu lake la maandishi. Ruhusa ya simu ni vigumu kuithibitisha.

Dhana: Ufadhili kamili hulipa kila kitu.

Hulipa vilivyoorodheshwa. Ada ya visa, bima au vipimo vya afya visipotajwa, chukulia ni vyako hadi uulize. Angalia pia fedha hulipwa lini: baadhi ya gharama unalipa wewe kwanza, kisha unarudishiwa kwa kuonyesha risiti.

Dhana: Nikishaanza masomo, masharti yamekwisha.

Kuna masharti ya kuanza na masharti ya kuendelea, nayo hukaa kurasa tofauti. Ya kuendelea huweza kudai wastani fulani wa alama kila mwaka, kusoma muda wote, kutobadili kozi bila idhini, na kutaja ufadhili mwingine wowote utakaoupata. Wafadhili wengine hudai urudi nyumbani au ufanye kazi mahali fulani kwa miaka kadhaa, na ukivunja makubaliano urejeshe fedha. Sahihi yako kwenye fomu ya kukubali inakufunga kwa yote haya, kwa hiyo kama kuna sharti usilolielewa, uliza kabla ya tarehe 17 Juni.