Nusu ya hatua si nusu ya muda

“Mawasiliano ya hatua mbili yana safari nusu ya yale ya hatua nne, kwa hiyo je, hayapaswi kuwa na kasi maradufu?”

Hapa ni saketi mbili zisizo na saa ya pamoja, zinazopeana data kwa waya wa ombi na waya wa jibu; kasi yake inategemea urefu wa waya. Katika hatua nne, waya wa ombi hupanda, wa jibu hupanda, kisha ombi hushuka na jibu hushuka. Katika hatua mbili, badiliko lolote, kupanda au kushuka, ni ujumbe kamili. Tatizo ni kwamba saketi inayosoma mabadiliko lazima ikumbuke hali iliyopita, na hilo huichelewesha.

Tuseme saketi ya hatua nne huchukua nanosekunde 0.2 kila hatua, ya hatua mbili 0.6. Kwenye waya unaochelewesha nanosekunde 5 kila safari, tunapata 4 × (5 + 0.2) = 20.8 dhidi ya 2 × (5 + 0.6) = 11.2. Ndani ya chipu, waya ukichelewesha 0.1 tu, ni 1.2 dhidi ya 1.4: hatua nne zimeshinda!

Ndiyo maana SpiNNaker, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Manchester, hutumia hatua nne ndani ya chipu, na mbili kati ya chipu na chipu.