Baghdad, 1258: haikuwa vita ya dini

Kuna ujumbe unaosambazwa: "Wamongolia waliiteketeza Baghdad ili kuufuta Uislamu, kisha wakasilimu wote kwa muujiza."

Maangamizi yalitokea kweli, ndiyo maana wengi huusadiki ujumbe huu. Lakini khalifa aliuawa kwa kukataa kutii, na kwa kawaida Wamongolia waliwasamehe kodi viongozi wa dini mbalimbali waliowaombea dua. Ghazan, khani yaani mtawala wa Kimongolia wa Uajemi, aliyesilimu mwaka 1295, alilelewa katika Ubudha, akauacha alipokuwa akigombea kiti cha enzi, wakati raia wake wengi na askari wengi walikuwa Waislamu. Uchina, ambako Waislamu walikuwa wachache, watawala wa Kimongolia waliegemea malama, yaani watawa wa Kibudha, wa Tibeti. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo kabla ya kutazama sarafu za khani huyo: zina shahada kwa Kiarabu, na jina lake kwa hati ya Kimongolia.