Mkondo wa fahamu si kufuta nukta

Siku hizi mhusika akishikwa na hofu tu, nukta zinatoweka na kurasa tatu za maneno yaliyogandana zinafuata. Ukimuuliza mwandishi, anakujibu kwamba huo ni mkondo wa fahamu.

Mkondo wa fahamu ni usimulizi unaotuweka kichwani mwa mhusika, mawazo yakija kama yanavyomjia, bila msimulizi wa kuyafafanua. Basi. Jina lilitoka kwenye saikolojia: mwaka 1890 William James aliandika kwamba fahamu haiji vipande vipande, hutiririka kama mto. Mwaka 1918 mwandishi May Sinclair akalitumia kuzielezea riwaya za Dorothy Richardson. Hoja ya James ilikuwa kwamba wazo huungana na wazo. Wenzetu wameshika mto wakasahau muungano.

Tena kiwewe hakitiririki, kinabana. Aliyeshikwa nacho huwaza mambo machache, tena na tena. Tuseme Rehema yuko kwenye kivuko cha Kigamboni, honi imelia, na mtoto haonekani:

“Alikuwa hapa. Shati la njano. Niliuachia mkono nitoe simu, alikuwa hapa. Njano. Yule siye, yule mkubwa. Maji. Usitazame maji. Njano, kifungo cha juu hakipo, nilisema nitakishona, jana nilisema. Watu wanaanza kushuka. Wakishuka wote sitamwona. Maji. Hapana.”

Nukta zimejaa, na pumzi imekatika kwa sababu ya nukta hizo. Neno “njano” ndilo linalomshikilia msomaji, na kila likirudi huja na jambo jipya: kwanza mtu asiye yeye, kisha kifungo na majuto. Likirudi mikono mitupu, lifute. Rehema pia hawazi “mwanangu Idi mwenye miaka minne”. Mama hajielezi anachokijua. Umri uweke kwenye usimulizi wa kawaida, kabla mkono haujaachiwa.

Mipaka ya kipande nayo hutoka nje ya kichwa cha mhusika. Honi imekifungua, na baharia akimgusa bega, aya inafungwa na msimulizi anarudi: “Rehema aligeuka.” Nusu ukurasa mara nyingi inatosha. Kupima, msomee mtu mara moja, kisha muulize mtoto alipotea vipi na mama anaogopa nini. Akishindwa kujibu, aliyechanganyikiwa si Rehema tena, ni msomaji.

Nadhani mkanganyiko umetokana na sura ya mwisho ya Ulysses ya James Joyce (1922), ambayo karibu haina alama za uakifishaji. Lakini Molly Bloom, mhusika anayewaza pale, amejilaza kitandani usiku, usingizi unamnyemelea, wala hana haraka na lolote. Ukiwa na mhusika wa namna hiyo, futa nukta utakavyo. Rehema mrudishie zake.